Geji iko kwenye kijani, kwa nini tumekubadilishia unga?

Juma lililopita mteja wetu wa siku nyingi, tuliyemjazia mtungi wa unga wa kuzimia moto, alirudi na risiti mkononi, amekasirika. "Mtungi sijautumia hata mara moja, geji iko kijani, halafu mnanitoza unga mpya wa kilo 6. Mmeniibia, kijana wangu." Maneno hayo tunayasikia karibu kila mwezi, na yanatuuma, kwa sababu unga ndiyo kazi tunayoifanya kwa uangalifu kuliko zote.

Tukamwomba mzee aingie ndani. Unga tunaoutoa kwenye mtungi wa mtu tunauhifadhi kwenye mfuko wenye namba ya mtungi, kwa hiyo wake ulikuwepo. Tukamwaga kijiko kimoja cha unga wake juu ya karatasi, na pembeni kijiko cha unga mpya, kisha tukadondoshea kila kimoja tone la maji. Kwenye unga mpya tone lilikaa juu, la mviringo, likibiringika kama linavyobiringika kwenye jani la yungiyungi, kwa kuwa kila chembe imepakwa silikoni. Kwenye unga wake tone lilizama palepale na kuacha tope. Mtungi huo uliwahi kujazwa mahali pengine kwa upepo wa kompresa badala ya nitrojeni kavu, na upepo wa kompresa hubeba unyevu. Geji ilisema kweli: presha ilikuwepo. Lakini geji haioni unga.

Kwa nini unyevu kidogo uharibu kitu ambacho kazi yake ni kumwagwa kwenye moto? Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani unga unazima kwa kufunika, kama mchanga. Mwali wa petroli unazimwa kwa njia nyingine kabisa.

Ndani ya mwali, mafuta na oksijeni havikutani moja kwa moja. Katikati yao kuna vipande vya molekuli vilivyovunjika, vyenye elektroni isiyo na mwenzake, vinavyotafuta cha kushika kwa pupa. Vinaitwa radikali huru. Atomi moja ya haidrojeni ikigonga oksijeni, vinazaliwa viwili: H + O₂ → OH + O. Hiyo O nayo ikigonga haidrojeni iliyo jirani inazaa viwili vingine. Kila OH ikishika haidrojeni inatoa maji, joto, na H mpya. Ukihesabu mzunguko mzima, H moja iliyoingia imetoa H tatu. Tatu zinakuwa tisa, na baada ya mizunguko 10 zingekuwa 59,049 kama hakuna kinachozipunguza, yote ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nikolai Semenov na Cyril Hinshelwood walipewa Nobeli ya kemia mwaka 1956 kwa kuchunguza mifumo ya mimenyuko ya namna hii, na mnyororo huo ndio unaoushikilia mwali.

Kuuzima mwali, basi, hakuhitaji kuondoa mafuta yote wala hewa yote. Inatosha radikali zinazokufa zizidi zinazozaliwa. Unga wa bikaboneti ya potasiamu ukiingia kwenye mwali unapata joto, unavunjika, na kutoa mvuke wenye hidroksidi ya potasiamu, yaani KOH. KOH inaikamata H, inatoka molekuli ya maji na atomi ya potasiamu. Potasiamu inaikamata OH, na KOH inarudi ilivyokuwa, tayari kukamata tena. Mvuke mmoja unafanya kazi mara nyingi. Haloni, gesi za kuzimia moto zilizoenea zamani kwenye ndege na vyumba vya mitambo, zilifanya vivyo hivyo kwa bromini, lakini bromini hiyo hiyo huharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana Itifaki ya Montreali ya 1987 ikasababisha utengenezaji wake kusitishwa.

Lakini chembe inapita ndani ya mwali kwa muda mfupi sana. Ikiwa ndogo, inapata joto na kuvunjika kabla haijatoka upande wa pili. Ikiwa donge, inapita nzima na kuanguka sakafuni ikiwa haijafanya lolote. Chukua punje ya mikromita 200, uigawe ziwe punje za mikromita 20: unapata punje 1,000, na eneo la kugusana na mwali linaongezeka mara 10, uzito ukiwa uleule. Unyevu unafanya kinyume chake: unazirudisha punje 1,000 kuwa moja. Mteja ana kilo 6 zake zote, ila nyingi ni mzigo tu.

Njia ya mkato inayotusikitisha zaidi ni kuongezea. Gereji moja ilituletea mtungi ambao sindano ya geji ilikuwa imepita kijani, na mwenyewe alifurahi akidhani una nguvu zaidi. Tulitoa presha polepole na kufungua valvu. Juu kulikuwa na unga mweupe, chini wa manjano, na katikati tabaka gumu tulilolivunja kwa bisibisi. Fundi fulani alikuta mtungi wa fosfeti ya amonia umepungua, akaongezea bikaboneti kwa kuwa ni rahisi kupata. Fosfeti hiyo ina tindikali, bikaboneti ni besi. Vikikutana na unyevu kidogo vinatoa kabonidayoksaidi na maji. Gesi inapandisha presha, maji yanagandisha unga. Siku ya moto ungetoka mpulizo mmoja wa unga, kisha upepo mtupu. Mtungi wa namna hiyo hatuongezei: tunamwaga wote, tunasafisha, tunakausha, tunajaza upya. Ndiyo bei ile.

Wengine hubonyeza kidogo "kujaribu", kisha wanaurudisha ukutani. Vumbi la unga linabaki kwenye kiti cha valvu, valvu haifungi sawasawa, na nitrojeni inavuja taratibu. Mtungi ukishabonyezwa, hata kwa sekunde moja, ulete.

Unga mzuri nao una mpaka wake, na tunausema wazi. Unakata mnyororo lakini haupozi chuma. Kwenye gereji nyingine moto wa petroli chini ya injini ulizimika kwa mpulizo mmoja, kijana akageuka kuita wenzake, vumbi likatua, na mvuke wa petroli ukawaka tena kwenye bomba la moshi lililokuwa bado jekundu. Alikuwa na nusu ya mtungi iliyobaki, ndiyo iliyomwokoa. Kaa hapo, elekeza mpira, subiri chuma kipoe.

Kuna pia wanaotuuliza kama sponji za viti na makasha ya vifaa vya umeme yenye dawa ya kuzuia moto yanatosha bila mtungi. Plastiki yenye bromini ikipashwa joto hutoa gesi ya HBr, nayo hukamata H na OH pale pale mwali unapotaka kuanza, na huchanganywa na oksidi ya antimoni ili bromini ifike vizuri kwenye mwali. Hiyo inachelewesha kuwaka kwa cheche au waya uliopata moto. Moto mkubwa ukija kutoka nje, plastiki hiyo itaungua. Na mapazia yaliyoloweshwa chumvi za fosfeti, ukiyafua kwa maji, dawa imekwenda na maji.

Mzee alikaa na sisi mpaka mtungi wake ukajazwa mbele ya macho yake, ukapimwa kwenye mizani, ukafungwa sili. Mfuko wa unga wa zamani aliuchukua, anataka kumwonyesha yule aliyemjazia.