Msiwashikie wazee simu, wafundisheni hata kwa buku mbili

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme na vijana wenzangu pamoja na mawakala wa huku mtaani. Mimi nakaa Mbagala, huu mwaka wa tatu nafundisha watu wazima simu janja, shilingi elfu mbili kwa kipindi cha saa moja, na wengi ni majirani na ndugu zangu mwenyewe. Watu hunilaumu eti namchajije shangazi yangu. Lakini shangazi nilipokuwa namfundisha bure alikuwa anauliza mara moja tu halafu ananyamaza, anaogopa kunisumbua, na mimi namnyang'anya simu namalizia mwenyewe chap chap. Alipoanza kulipa akaniuliza kitu kilekile mara nne, kwa haki yake kabisa, na safari hiyo akashika.

Kinachoniuma ni namba ya siri. Wazee wengi wanamtajia wakala au mjukuu pini, tena kwa sauti, na tunasema ni uzembe wao. Mi naona chanzo ni menyu. Ukipiga *150*00# ile menyu haikusubiri, ukichelewa inakata, na mzee anayetafuta miwani, akatafuta karatasi ya namba, akahesabu sifuri za elfu thelathini, lazima imkate. Jirani yangu mmoja, mama wa miaka 68, ilimkata mara tatu asubuhi moja, akadhani hela imepotea, akaenda kwa wakala akampa simu na pini juu. Na tangu siku hiyo ikawa ndo utaratibu wake, kila mwanae akituma hela anaenda kutajiana namba ya siri dirishani watu wakiwa kwenye foleni.

Sasa tulivyofanya na huyo mama. Kipindi cha kwanza hatukugusa hela wala vidio koli, tulienda kwenye setingi za simu tukakuza maandishi, halafu tukarefusha muda wa kushikilia (kwenye simu nyingi za Android uko upande wa Accessibility, umeandikwa Touch & hold delay), maana kidole chake kilikuwa kinakaa sana kwenye kioo na simu inafungua vitu ambavyo hakuviomba. Kipindi cha pili akabadili pini mimi nikiwa nimegeukia ukutani, kwa sababu ukiandika pini kwenye ile menyu inaonekana wazi namba kwa namba, haifichwi na vinyota, kwa hiyo aliyekaa pembeni anaisoma tu. Kuanzia hapo zoezi lake lilikuwa kuangalia salio kila siku, basi. Salio halina hatari, menyu ikikata anaanza upya, na vidole vinazoea njia. Na kabla ya kutuma hela anaandika kwanza namba na kiasi kwenye daftari kwa herufi kubwa ndo apige menyu, akifika kwenye jina la mpokeaji alisome kwa sauti kabla ya kukubali.

Hilo zoezi la salio ndo lilimuokoa. Iliingia meseji kwamba amepokea laki moja na nusu, dakika hiyohiyo mtu anapiga, mama nimekosea namba nirudishie nina mgonjwa. Akamwambia subiri, akaangalia salio, halijaongezeka hata mia. Kuja kuitazama ile meseji vizuri imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, haikutoka kwenye jina M-PESA kama zile anazopata mwanae akituma. Namba ya tapeli tukaituma 15040. Na hata salio lingekuwa limeongezeka kweli, nilishamfundisha asirudishe mwenyewe, aliyekosea apige huduma kwa wateja ya mtandao wake washughulikie wao.

Vidio koli tulifanya mwisho na haikuchukua hata nusu saa, shida kubwa ilikuwa anaweka simu sikioni kwa mazoea, mwanae Mwanza anaona sikio tu. Tukaisimamisha kwenye kopo la sukari mezani ikatulia.

Mtihani wangu ni ada yenyewe. Kipindi cha mwisho mwanafunzi ananilipa ile elfu mbili kwa simu yake, mimi niko upande wa pili wa chumba na simugusi, na makato nimeshamwambia kabla ili salio lisimshtue. Huyo mama ilimkata mara moja, akapumua, akaanza tena, ikaingia.

Kwa hiyo mawakala ninaowaomba ni nyie, mzee akikupa simu na pini usipokee, mpe stuli na kalamu. Na wewe mjukuu unayejua pini ya bibi yako, leo jioni kaa naye aibadilishe wewe ukiwa umegeuka.

Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam