Punguzo la fotokopi si sadaka

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, na nimevumilia mengi. Lakini ile habari yenu ya Jumanne, kwamba wenye steshenari za karibu na vyuo "wamewapa wanafunzi ahueni", imenishinda. Picha ya ubao mliichapisha wenyewe: kurasa 40 za kwanza shilingi 120 kila mmoja, kuanzia wa 41 shilingi 80. Zamani hapo bei ilikuwa 100 moja kwa moja. Mwandishi wenu akaandika kuwa bei "imeshuka hadi 80". Iliyopanda hakuiona, ingawa ndiyo iliyoandikwa juu na kwa maandishi makubwa zaidi.

Tuhesabu polepole, kwa kukadiria. Chukua mteja mwenye kazi nyingi. Ukurasa wake wa kwanza ana haja nao sana, yuko radhi kuulipia hadi 160. Wa pili haja imepungua kidogo, 159, na kuendelea hivyo, kila ukurasa unaoongezeka thamani yake kwake inashuka shilingi moja. Karatasi, wino na umeme vinamgharimu mwenye mashine 40 kwa ukurasa. Kwa bei moja ya 100 mteja huyu anatoa kurasa 60, kisha anaacha, maana wa 61 kwake hauzidi mia. Analipa 6,000 kwa kitu ambacho kwake kina thamani ya 7,800. Ile 1,800 iliyobaki mfukoni ndiyo wachumi wanaiita ziada ya mlaji. Mwenye duka anabaki na 3,600.

Sasa weka ubao mpya. Kurasa 40 kwa 120 ni 4,800. Kuanzia hapo bei ni 80, na mteja anaendelea mpaka thamani ya ukurasa kwake inapokaribia 80, yaani wa 80. Kurasa 40 za pili ni 3,200. Jumla amelipa 8,000 kwa kurasa 80. Gawanya: wastani ni 100 kwa ukurasa, ileile ya zamani! Mwandishi wenu angesema hakuna aliyeumia. Lakini kurasa zile 80 zina thamani ya 9,600 kwa mteja, kwa hiyo kilichobaki mfukoni ni 1,600, pungufu ya 200 kuliko mwanzo. Imetoka wapi? Kwenye kurasa 20 za nyongeza. Thamani yake inaanza 100 na kuishia 80, kwa wastani 90, naye kwa ujumla amezilipia 2,000, yaani 100 kila mmoja. Kwenye ubao aliona 80, hakuona kwamba mlango wa kufikia hiyo 80 ameulipia shilingi 20 za ziada mara 40. Mwenye duka amepanda kutoka 3,600 hadi 4,800. Huo si ukarimu, Mhariri. Ni kumkata mteja vipande viwili: pale haja yake ilipo kali unamtoza ghali, pale ilipolegea unamlegezea, ili aondoke na kidogo. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou alilipa jambo hili jina mwaka 1920, akaliita ubaguzi wa bei wa daraja la pili. Uzuri wake kwa muuzaji ni kwamba hahitaji kumjua mteja wala kumuuliza kitambulisho. Anaandika ubao, watu wanajichambua wenyewe.

Na wanaojichambua vibaya ni wadogo. Mtu ambaye ukurasa wake wa kwanza una thamani ya 130 tu, nayo ikishuka vivyo hivyo, alikuwa akitoa 30 kwa bei ya 100. Kwa 120 anatoa 10, anakunja barua yake na kwenda. Ile 80 haifiki milele, kwa sababu iko nyuma ya kurasa 40 ambazo hana kazi nazo. Mwenye duka kwa huyu amepata hasara, faida imeshuka kutoka 1,800 hadi 800, lakini mteja mkubwa amemfidia na zaidi. Akipata wadogo wawili kwa kila mkubwa mmoja, ubao wake unamrudi na atajuta. Ndiyo maana ubao huu hupatikana mlangoni mwa chuo, si stendi.

Kuna punguzo la haki, nalo ni rahisi kulitambua. Acha bei ya mwanzo ibaki 100, kisha shusha hadi 80 kuanzia ukurasa wa 61, pale mteja mkubwa alipokuwa akiishia. Mkubwa anaongeza 20 na kubaki na 2,000 badala ya 1,800. Mwenye duka anapata 4,400 badala ya 3,600. Mdogo hajaguswa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye duka si "umepunguza kiasi gani?" bali "bei ya kuanzia imepanda?" Sikatai pia kwamba nakala 100 za ukurasa mmoja ni kazi nyepesi kuliko kufunua kitabu ukurasa kwa ukurasa, punguzo la namna hiyo ni la jasho lililookolewa, na halina ubaya.

Halafu ubao wenyewe umeandikwa vibaya. "Kuanzia 41: 80" maana yake nini? Kurasa za 41 na kuendelea, au ukifikisha 41 zote zinakuwa 80? Ikiwa ni hiyo ya pili, kurasa 41 ni 3,280, ilhali kurasa 28 kwa 120 ni 3,360. Yeyote mwenye kurasa 28 hadi 40 ni nafuu atoe nakala za karatasi tupu afike 41. Ukiona pipa la takataka la steshenari limejaa karatasi safi, ujue ubao umesomwa hivyo. Na kwa tafsiri yoyote, kiongozi wa darasa akikusanya kazi za wenzake 10 akaja nazo kama mteja mmoja, mafungu karibu yamekufa. Bei hizi zinaishi pale tu wanunuzi hawawezi kuungana wala kuuziana. Ndiyo maana bando la intaneti mara nyingi huwa na saa ya kufa: ungeweza kununua kubwa, ukaligawa na kulitumia kwa mwezi mzima, nani angenunua la siku?

Na mkiwa na nafasi, andikeni pia juu ya kinyume chake. Umeme wa majumbani kwa wenye matumizi madogo, kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, ulikuwa shilingi 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi, zaidi ya hapo 350, kabla ya kodi. Hapo fungu la kwanza ndilo la nafuu, kwa nia ya kumsaidia mnyonge. Sasa nenda kwenye nyumba ya wapangaji sita wanaochangia mita moja ya luku. Kila chumba kina balbu mbili na pasi, pamoja wanavuka 75 kabla mwezi haujafika nusu, wanalipa kama tajiri mwenye kiyoyozi. Fotokopi inamzawadia anayejumlisha, umeme unamwadhibu, na masikini yuko upande usiofaa wa ubao kote kuwili.

Ushauri wangu: kila ubao wa punguzo uwe na mstari wa tatu, kwa wino mwekundu, unaosema "kabla ya punguzo hili bei ilikuwa shilingi fulani." Kama hiyo ni ngumu, basi mwandishi wenu arudishwe palepale na kurasa 15 za kutoa nakala, alipe kwa pesa yake, aandike tena habari ya ahueni.

Msomaji wenu,
Morogoro