Kwa wajukuu zangu wa kidato cha nne: wiki ya mwisho kabla ya pepa la Hesabu

Wajukuu zangu wa Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto,

Nawaona kwenye daladala mkiwa na madaftari ya miaka minne mapajani, mkitaka kuyapitia yote. Kwa siku zilizobaki hayapitiki. Leo fanyeni pasti pepa moja nzima ya Hesabu kwa saa tatu, daftari likiwa limefungwa, kisha msahihishe kwa kalamu nyekundu. Kusoma majibu yaliyokwisha kufanywa hakuhesabiki. Macho hukubali haraka kitu ambacho mkono hauwezi.

Tuseme umepata 38. Hiyo ni D, na C inaanzia 45, kwa hiyo unatafuta maksi saba. Pitia maswali uliyokosa, utenge yale uliyoanza vizuri ukakwama katikati na yale ambayo hukujua hata pa kuanzia. Anza na hayo ya kwanza. Najua topiki usiyoijua kabisa ndiyo inayokutisha, lakini itakula siku mbili na huenda isikupe kitu. Kati ya ulizokwama, tanguliza za sehemu B, kwa kuwa katika muundo tuliouzoea swali moja huko lina maksi 10, na la sehemu A lina 6.

Chukua takwimu. Wanafunzi 40, unatafuta mediani, nayo imeangukia kundi la 51–60 lenye watu 10. Kabla yake wamepita 14. Kanuni inataka hao 14: nusu ya 40 ni 20, toa 14 inabaki 6, gawa kwa 10, zidisha kwa upana wa kundi ambao ni 10, jumlisha na 50.5. Jibu ni 56.5. Wengi wenu huweka 24, yaani mnalihesabu na kundi lenyewe, mnapata 46.5. Namba hiyo iko nje ya 51–60, na hapo hapo ungejua umekosea. Kesho lirudie kwenye karatasi tupu, halafu tafuta swali la takwimu la mwaka mwingine. Ukilimaliza bila kuchungulia, hamia topiki inayofuata.

Na kulala, wanangu, msikupunguze. Ulichofanyia mazoezi mchana, ubongo hukipanga usiku ukiwa umelala. Umri wenu unahitaji saa nane hadi kumi. Anayekesha na diskasheni hadi saa nane usiku huanza kukosea kutoa na kujumlisha, tena kwenye maswali anayoyajua, na hizo ni maksi alizokuwa nazo tayari. Wewe wa Chanika unayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, uwe kitandani saa tatu usiku, na uanze leo, kwa sababu mwili uliozoea kukesha hautakubali kulala mapema ghafla mkesha wa mtihani.

Jioni hiyo ya mwisho msiguse pepa jipya. Someni tu yale mliyosahihisha kwa wino mwekundu, mpange mkebe, mlale.

Babu yenu, mwalimu mstaafu wa Hesabu, Temeke