Atu, kuhusu ule mshahara uliojiandikia kwenye plani

Kamwene Atu,

Mko salama huko Mbeya? Watoto, baba watoto, mama mkwe? Huku Iringa tupo wazima ila baridi mwaka huu imewahi sana. Mama Nuru kanipigia anauliza kama ni kweli unaacha kazi au ni maneno ya watu, nikamwambia akuulize mwenyewe. Lile faili ulilonitumia nimelisoma lote jana usiku, na kuna kitu kimoja kimenikaa kichwani mpaka nimeona nikuandikie vizuri badala ya voisi noti ambazo tutakatizana katikati.

Biashara yenyewe naikubali. Kununua mpunga Igurusi wakati wa mavuno, kukoboa kidogo kidogo, kufungasha mifuko ya kilo 5 na 10 kwa ajili ya maduka ya mjini, halafu mzigo mkubwa unaulaza stoo mpaka Januari na Februari bei ikishapanda, hapo umefikiri. Tatizo ni ule mstari wa mshahara wako, 1,200,000 kwa mwezi kuanzia Juni. Najua umeitoa wapi, ndiyo unayolipwa sasa hivi ofisini. Lakini rafiki yangu, ofisi yenu haijalaza hela zake kwenye magunia.

Nikachukua namba zako zilezile nikazipanga mwezi kwa mwezi, hela inayoingia mkononi na inayotoka, siyo faida ya mwaka. Unaanza na milioni 24. Juni mpunga milioni 9, maandalizi na kodi ya stoo milioni 3, uendeshaji 900,000. Julai mpunga tena milioni 6 na uendeshaji, na hapo maduka ndiyo yanaanza kukulipa, milioni 1 tu. Agosti inaingia 1,200,000, Septemba 1,300,000, Oktoba 1,500,000, Novemba 1,400,000, na kila mwezi ile 900,000 inatoka. Novemba hiyohiyo kuna kodi ya stoo ya miezi 6 na mifuko mipya, 1,200,000. Ukiweka na mshahara wako, mwisho wa Oktoba una 500,000 na mwisho wa Novemba una deni la 1,400,000. Ukurasa wa faida hauonyeshi hili hata kidogo kwa sababu mauzo ya Januari na Februari yanafunika kila kitu, unaona mwaka umeisha vizuri kumbe Novemba ulishakwama.

Na ukikwama Novemba unajua utafanya nini, utafungua stoo uuze mpunga kwa bei ya Novemba. Hapo ndipo mshahara unapoumiza, siyo ile hela yenyewe tu, ni magunia uliyokuwa umeyalengea Februari. Nashika vitabu vya wafanyabiashara kadhaa huku na kule Ilula, hili nimeliona zaidi ya mara moja, mtu analalamika soko baya kumbe aliuza mapema kwa sababu ya matumizi ya nyumbani.

Sasa fanya hivi. Futa mshahara wako wote kwenye ile karatasi ya mwezi kwa mwezi, halafu tafuta mwezi ambao hela, ukiigawa kwa mishahara itakayokuwa imetoka, ni ndogo kabisa. Kwako bila mshahara Julai inabaki 5,200,000 lakini hapo ni mishahara 2 tu, Novemba inabaki 5,800,000 na ni mishahara 6, kwa hiyo Novemba ndiyo inayobana. Toa akiba ya uendeshaji wa miezi miwili, 1,800,000, hiyo usiiguse. Inabaki milioni 4, na kutoka Juni mpaka Novemba ni mishahara 6, kwa hiyo kila mwezi ni kama 666,000, weka 650,000. Rudisha kwenye karatasi ukague miezi yote, maana ukishaweka mshahara mwezi wa chini unaweza kuhama. Kwako unahama kutoka Julai kwenda Novemba, unabaki na 1,900,000. Halafu ijaribu kwa ubaya, maduka yote yakulipe mwezi mmoja nyuma, na hao wa Mwanjelwa unawajua wewe kuliko mimi. Ile 1,400,000 ya Novemba inahamia Desemba, unabaki na 500,000, umebanwa ila stoo hujaigusa. Kwa ile 1,200,000 yako, hapohapo ungekuwa na deni la 2,800,000.

Najua utakachosema, basi nisijilipe kabisa mwaka wa kwanza. Hapana Atu. Mtu anayejiandikia sifuri hali sifuri, anachukua kwenye droo, leo elfu 20 ya mboga, kesho ada, na mwisho wa mwezi hajui kama biashara inapoteza au ni yeye. Halafu sifuri inadanganya bei. Jiulize ukiugua miezi miwili, msimamizi wa kukaa stoo na kuzungukia wateja utamlipa ngapi? Tuseme 700,000. Hiyo ndiyo iingie kwenye ukurasa wa faida kama gharama ya kazi yako, 8,400,000 kwa mwaka, hata kama mkononi unachukua 650,000. Ukishaiweka na faida ikapotea, basi bei yako ya kilo ni ndogo au mzigo ni mdogo, ujue mapema kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Ile tofauti ya 50,000 iandike pembeni kila mwezi kama deni biashara inalokudai, samahani, unaloidai biashara, utajilipa mauzo ya Februari yakishaingia.

Upande wa nyumbani sasa. Kama nyumba haiendi bila 800,000, pengo ni 150,000 kwa mwezi, miezi 6 ni 900,000. Hiyo iwe mkononi kabla ya Juni, kwenye akaunti yako, nje ya ile milioni 24. Kama haipo, endelea na kazi mpaka ipatikane na mpunga akununulie kaka yako. Na ada za Januari zitengee kabisa, maana zinakuja wakati ndiyo kwanza unaanza kuuza mzigo mkubwa na droo itakuwa inakuita.

Ukishachagua namba, jilipe tarehe moja, kutoka akaunti ya biashara kwenda yako, basi. Kupanda kwa mshahara nako andika kwenye plani: Machi, ukishatenga hela ya mpunga wa msimu ujao na ile akiba ya miezi miwili, ndipo uangalie kilichobaki. Siyo kwa sababu Februari imekuwa nzuri, Februari lazima iwe nzuri, ndiyo iliyobeba mwaka.

Kitu kingine, umeandika mshahara wa mkurugenzi lakini sijaona popote kama ni kampuni. Ukiwa unafanya kwa jina lako, unachochukua ni matumizi ya mmiliki, TRA hawakihesabu kama gharama ya biashara. Ukisajili kampuni BRELA basi wewe ni mwajiriwa, kuna PAYE inakatwa kwako, na NSSF, ambapo kampuni nayo inachangia asilimia 10 juu ya mshahara. Yaani 650,000 inaigharimu kampuni 715,000, imeshavuka ile 666,000. Kwa kampuni jiandikie 600,000.

Sasa nijibu. Ni kampuni au jina lako? Ile milioni 24 yote ni yako au kuna mkopo ndani, maana marejesho sijayaona popote? Baba watoto kodi ya nyumba anailipa yeye? Maduka mangapi yamekubali kulipa keshi? Na barua ya kuacha kazi, umeshaipeleka au bado?

Wako,
Tuli