Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: riba imepanda, lakini gesi yetu haiko kwenye kapu moja

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa Lindi, mwalimu wa uchumi niliyestaafu, si mtaalamu wa visima. Hivi karibuni nilikaa kwenye kikao kimoja cha wadau, akasimama mtoa mada akasema: riba duniani imepanda, kwa hiyo kila siku gesi inapokaa chini ya bahari tunapata hasara, basi tuichimbe yote haraka. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Alilosema lina ukweli ndani yake, ila ni ukweli wa gesi moja, na sisi tunazo mbili: ya visima vilivyokwisha kujengwa, na ya bahari ya kina kirefu ambayo bado haijachimbwa.

Tuanze na penye ukweli. Nyuma ya hoja ile kuna kanuni aliyoiandika Mmarekani Harold Hotelling mwaka 1931. Mtaani kwetu kuna mzee mwenye shimo la mchanga. Kila akipakia tripu moja anachagua kati ya mawili: auze leo na fedha aiweke mahali izae, au auache mchanga aje auuze mwakani. Kinachobaki mkononi baada ya kutoa gharama ya kuchota, niite faida ya uhaba, kisipokua mwakani kwa kiwango cha riba, hana sababu ya kusubiri. Kikikua kwa kasi kuliko riba, hana sababu ya kuuza leo. Wenye mashimo wote wakifikiri hivyo, soko linatulia pale faida ya uhaba inapokua sawasawa na riba. Angalia, ni faida inayokua hivyo. Bei anayolipa mnunuzi ni kitu kingine, kwa kuwa ndani yake mna gharama pia.

Sasa riba ipande. Wengi hufikiri bei itapanda leo. Inakuwa kinyume, na hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakikwama kila mwaka. Chukua hazina ya vipande 90 vya gesi, vya kuuzwa katika awamu mbili zilizoachana miaka 10. Bei katika kila awamu ni 100 ukitoa kiasi kilichouzwa, na gharama ya kuchimba tuseme hakuna. Vipande vyote vikiuzwa, bei mbili zikijumlishwa lazima zifike 110. Riba halisi ikiwa karibu asilimia 2 kwa mwaka, ambayo kwa miaka 10 ni takriban asilimia 20, bei ya leo ni 50 na ya baadaye ni 60. Tunauza 50 leo, tunabakiza 40.

Riba ikifika karibu asilimia 5.8 kwa mwaka, yaani asilimia 75 kwa miaka 10, bei ya leo inashuka hadi 40 na ya baadaye inapanda hadi 70. Tunauza 60 leo, wajukuu wanabaki na 30. Kwa nini ishuke? Kwa sababu kila mwenye hazina anakimbilia kuuza, gesi inajaa sokoni, na bei inaanguka mpaka ifike mahali ambapo kupanda kwake kuelekea awamu ya pili kunatosha kulipa riba mpya. Ukichora mistari miwili, mpya unaanzia chini, unapanda kwa mkazo zaidi, unaukata wa zamani njiani. Hazina ni ileile, ila sehemu kubwa zaidi inaliwa mapema.

Kwa hiyo mtoa mada yule alikuwa sahihi? Angekuwa sahihi kama kuchimba kungekuwa bure, au kama fedha ya kuchimbia ingekuwa imeshatumika. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha huku kwetu Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika mwaka 2004. Kule visima vipo na bomba lipo, gharama kubwa imeshazama, na hoja yake ina mashiko kiasi, ingawa mikataba na uwezo wa mtambo vinazuia kufungulia utakavyo.

Lakini sehemu kubwa ya zile futi za ujazo zaidi ya trilioni 57 tunazozitaja kila mahali iko kwenye vitalu vya bahari ya kina kirefu, na haitafika kwa mnunuzi bila mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika huku Lindi. Huo ni mradi wa makumi ya mabilioni ya dola, na fedha inalazwa miaka mingi kabla ya meli ya kwanza kupakia. Mzee wa mchanga anaelewa jambo hili kuliko sisi wasomi. Riba ilipopanda kwenye kikundi chao cha kukopeshana, alichota haraka pale koleo lilipofika. Kule chini alikohitaji mashine ya mkopo alisimama kabisa.

Rudi kwenye hesabu yetu, ila sasa uweke gharama ya mtaji. Tuseme kila kipande kinabeba gharama ya 30 kwa riba ya chini. Kwa riba ya juu, mkopo uleule ukikaa miaka saba ya ujenzi kisha ukalipwa kwa miaka 20, gharama hiyo inakaribia 54. Kwa riba ya chini bei ya leo inatoka karibu 53, nasi tunauza vipande 47. Kwa riba ya juu bei inakuwa karibu 55, tunauza 45. Uchimbaji umepungua, haukuongezeka! Riba ileile iliyotukimbiza imeturudisha nyuma. Na jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni faida ya uhaba, ambayo imetoka karibu 23 kwa kipande hadi chini ya 1. Gesi ya gharama, ile inayomrudishia mwekezaji fedha yake, imemeza karibu kila kitu, na gesi ya faida, ile tunayogawana na wawekezaji, imebaki makombo.

Hili si la kitabuni tu. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mradi wetu unahesabiwa kwa dola, kwa hiyo mkopo wake unafuata riba ya huko pamoja na nyongeza ya hatari ya kwetu. Kumsukuma mwekezaji atie saini haraka katika kipindi cha namna hiyo, kwa hofu kwamba gesi "inapoteza thamani ardhini", ni kumpa sababu ya kudai mgawo mkubwa zaidi ili afidie riba, halafu sisi tufungwe na mgawo huo hata riba ikishuka.

Nakubali kanuni hii ina mipaka. Haijui ugunduzi mpya wala teknolojia, na bei za madini na mafuta zimepita miongo mizima bila kuufuata mstari wake. Ndiyo maana siombi uitumie kutabiri bei.

Naomba mambo mawili. Kwanza, wataalamu wako wasichanganye Songo Songo na bahari ya kina kirefu kwenye jedwali moja, maana riba inazisukuma pande mbili. Pili, tuambiwe wazi ni riba gani inatumika kupiga hesabu ya thamani ya gesi ya vitalu vile mezani pa majadiliano, na sehemu yetu ya gesi ya faida inabaki ngapi riba hiyo ikiongezwa pointi mbili za asilimia. Karatasi moja inatosha, na ningependa ibandikwe hata kwenye ubao wa ofisi ya kata huku Lindi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Lindi