Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayekwenda Kuwa Keateka Kisauni

Mpwa wangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Nimepata habari kwamba umekubali kazi ya kuangalia jengo la wapangaji huko Kisauni, na mama yako ameniomba nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Ninaiandika barua hii hadharani kwa kuwa wapo vijana wengi hapa Mombasa wanaokabidhiwa funguo na daftari la kodi bila ya kuelezwa lolote. Nitakusimulia siku moja tu, tarehe 5 Mei, siku ya mwisho ya kulipa kodi katika jengo letu la Tudor. Siku hiyo palikuwa na maji yaliyofika pasipotakiwa na pesa zilizokosekana mahali pake, na vyote viwili vilihitaji kutafutwa kwa utaratibu.

Asubuhi ilianza na wapangaji wa ghorofa ya juu kulalamika kwamba mifereji imekauka. Unajua mwenyewe kwamba maji ya mfereji katika mji wetu huja kwa zamu, kwa hivyo majengo mengi yana tangi la chini la kuyapokea na pampu ya kuyapandisha hadi tangi la juu ya paa, pamoja na kisima cha maji ya chumvi kwa ajili ya kuogea, kufulia na choo. Niliikuta pampu inanguruma ilhali haipandishi kitu, na mwili wake una moto. Hiyo ni dalili kwamba inavuta hewa, kwani maji ya tangi la chini yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa bomba la kuvutia. Nilizima swichi mara moja, maana pampu ikizunguka kavu huunguza sili zake, nikaagiza boza. Maji yalipoingia niliijaza pampu kwa mkono ili hewa itoke, kisha nikaiwasha. Kufikia saa tatu mifereji ilikuwa inatoka, na malalamiko ya takataka na ya muziki wa usiku niliyamaliza nikiwa bado ngazini.

Jambo lililonishika siku nzima lilikuwa dari ya nyumba ya 2B. Mama anayekaa hapo aliniita akanionyesha doa lenye upana wa sinia juu ya bafu lake, na tone likianguka katika beseni aliloliweka chini.

“Baba, huyu kijana wa juu anamwaga maji makusudi,” aliniambia. “Mimi kodi yangu ninayo, lakini sitailipa mpaka dari hii itengenezwe.”

Nilimwomba asipande kugombana na jirani yake, nikamwahidi kwamba kabla ya magharibi nitamwambia maji yanatoka wapi hasa. Ulikuwa msimu wa masika, na mtu mwingine angesema ni mvua. Lakini nyumba ya 2B ina nyumba nyingine mbili juu yake, na dari za huko zilikuwa kavu, kwa hivyo mvua haikuweza kuziruka na kuanguka kwake peke yake. Maji yalikuwa ya 3B. Lililobaki ni kujua yametoka kwenye bomba la kuleta maji, kwenye bomba la kuyaondoa, au yamepenya sakafu yenyewe, kwa sababu kila moja ya hizo ni kazi tofauti yenye gharama tofauti, na fundi asiyejua huvunja vigae vyote ndipo aanze kutafuta.

Njia ninayoifuata ni hii. Kijana wa 3B aliniruhusu kuingia, nikafunga valvu zote mbili za nyumba yake, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, nikamwomba asitumie bafu kwa muda wa saa moja. Bomba la kuleta maji lina presha wakati wote, kwa hivyo likivuja, hudondosha usiku na mchana hata kama hakuna anayeoga, na valvu ikifungwa tone hupungua na kukoma. Kisha nilizifungua valvu huku bafu likiwa bado halitumiwi, nikasubiri tena. Tone lilizidi kupungua mpaka likakoma ingawa presha ilikuwa imerudi. Kwa hivyo bomba la kuleta maji halikuwa na kosa.

Baada ya hapo nilikoroga buluu ya kufulia katika ndoo ya maji, nikaziba kwa kitambaa tundu la kupitishia maji sakafuni, nikaimwaga ndoo yote ili maji yasimame juu ya vigae. Lau sakafu ingekuwa na ufa, rangi ya buluu ingeonekana chini maji yakiwa bado yamesimama. Niliyaacha mpaka baada ya adhuhuri, na dari ya 2B haikubadilika. Ndipo nikamweka mama wa 2B chini ya dari aangalie, nikakitoa kitambaa, na maji yakateremka kwa mkupuo mmoja. Hazikupita dakika nyingi akaniita kwa sauti kubwa kwamba tone la buluu limeanguka. Kosa lilikuwa katika kiungo cha bomba la kuondolea maji chini ya tundu hilo, na kijana wa juu hakuwa amefanya lolote ila kuoga.

Ninakueleza haya kwa urefu kwa sababu katika pwani yetu tone la bafu si jambo la kuahirisha. Maji yanayovuja ni ya kisima chenye chumvi, na chumvi ikifika kwenye nondo ndani ya zege huziharakishia kutu. Nondo yenye kutu huvimba, ikalisukuma zege mpaka likapasuka na kuanguka vipande. Kwa hivyo nilipanda ngazi, nikainua kipande cha dari nyepesi ya bafu, nikaligonga zege la slabu lililo juu yake kwa mpini wa nyundo pande zote za doa. Zege zima hutoa sauti ya mgongano mkavu, na lililoachana na nondo hutoa sauti ya uwazi. Slabu ile ilikuwa bado nzima, nami nikashukuru. Ukisikia sauti ya uwazi, kazi hiyo si ya fundi wa bomba tena, na mpangaji asilale chini ya slabu hiyo.

Fundi alifika alasiri. Bomba lenyewe limepita chini ya slabu, yaani juu ya dari nyepesi ya bafu la 2B, kwa hivyo tuliifungua dari kwa chini na vigae vya 3B havikuguswa. Tulikuta elbo imeachana na bomba kwa sababu aliyeiunga zamani aliipaka gundi kidogo upande mmoja tu, na bomba halikuwa limeshikiliwa na kamba ya chuma, hivyo uzito wa maji ukaivuta. Fundi alikata kipande kibovu, akasugua ncha kwa msasa, akapaka gundi pande zote mbili, akaunga elbo mpya na kulifunga bomba kwenye slabu. Nilimwagiza kijana wa 3B aoge kwa jirani hadi kesho yake, ili gundi ishike kabla ya kupitishwa maji. Fundi alitaka pia kulipaka rangi doa siku ileile, nikakataa. Dari iliyolowa katika hewa yetu ya unyevu hukauka polepole, na rangi inayopakwa juu yake huvimba na kubanduka, kisha mpangaji akaamini kwamba bado panavuja. Mama wa 2B aliliona bomba jipya kwa macho yake, akalipa kodi palepale kwa simu. Gharama ya fundi ilikuwa ya mwenye nyumba, kwa kuwa bomba lililomo katika mwili wa jengo si la mpangaji, nami sikukubali hata shilingi moja itozwe kijana wa juu.

Mwenye nyumba alinipigia simu baada ya magharibi. Katika orodha yake nyumba mbili zilikuwa hazijalipa, 4D na 1A, naye alitaka niwafungie milango kwa kufuli usiku huo.

Mama wa 4D aliniletea simu yake. Ujumbe ulionyesha kwamba shilingi 14,000 zimetumwa tarehe 3. Ujumbe wa simu hauthibitishi malipo peke yake, maana unaweza kuandikwa na yeyote, kwa hivyo ninachokisoma ni zile herufi na tarakimu 10 zinazoanza ujumbe, kisha ninazitafuta katika taarifa ya akaunti ya mwenye nyumba. Nilimwomba anitumie taarifa hiyo, na malipo yalikuwamo, kwa kiasi hichohicho. Lakini mahali pa nambari ya akaunti mama aliandika “D4” badala ya “4D”, na katika jengo letu D4 ni duka la nne la chini. Duka hilo hulipa shilingi 22,000, nalo lilikuwa limekwisha kulipa zote, kwa hivyo katika orodha lilikuwa na ziada ya shilingi 14,000 kamili. Hilo ndilo la kulitazama kwanza kila mtu anapoapa kwamba amelipa: itafute nyumba yenye ziada inayolingana na deni lake. Ukiitwa kesho na kesho kutwa, utaona kwamba makosa mengi ya kodi ni herufi zilizogeuka au ndugu aliyetuma pesa kwa jina lake mwenyewe akasahau nambari ya nyumba.

Kijana wa 1A alikuwa anadaiwa kweli. Anafanya kazi katika hoteli ya pwani ya kaskazini, na mwezi wa Mei wageni huwa wachache na wafanyakazi wengi hupumzishwa. Alikuwa amelipa 6,000 kati ya 12,000. Nilimwambia mwenye nyumba kwa heshima kwamba sitamfungia mtu mlango, kwa sababu sheria ya Kenya haimruhusu kumtoa mpangaji bila ya amri ya mahakama au ya baraza linalohusika, na kufuli lile lingeweza kumfikisha yeye mahakamani badala ya mpangaji. Alinyamaza kidogo, akaniuliza nina njia gani. Tuliandika karatasi moja: deni ni 6,000, litalipwa 3,000 tarehe 15 na 3,000 tarehe 30, na arbuni isiguswe kwa kuwa ni ya uharibifu siku ya kuhama. Kijana alitia sahihi, nami nikatia, na kila mmoja akabaki na nakala. Alilipa yote mawili kwa siku zake.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla hujapokea funguo za Kisauni, mwombe anayekuachia kazi azunguke nawe akuonyeshe valvu ya kila nyumba, na uziandike nambari kwa rangi. Muulize pia maduka ya chini yanaitwaje katika daftari la kodi, na kama majina hayo yanaweza kuchanganywa na ya nyumba za juu, mwombe mwenye nyumba ayabadilishe kabla ya tarehe 1. Ukimaliza mzunguko huo, niandikie uniambie umekuta tangi la chini la ukubwa gani na pampu ya aina gani, ili nikueleze namna ya kuilinda isivute hewa.

Wasalaam,
Mjomba wako, Tudor, Mombasa