Kichwa kinapwita upande mmoja na mwanga sitaki kuuona, je ni hivi vidonge vya majira?

Dokta habari za kazi, na wasomaji wenzangu salamu. Naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima raha kabisa.

Kichwa kinaniuma upande mmoja, mara nyingi kulia, kinaanzia nyuma ya jicho halafu kinapwita kufuata mapigo ya moyo, nikipanda ngazi au nikiinama ndo kinazidi, mwanga wa simu tu unanichoma, harufu ya marashi inanitibua mpaka natapika. Nisipowahi dawa kinanikalia siku nzima au zaidi, ni kujifungia gizani tu.

Dada yangu anasema ni sainasi, ila pua haijaziba na homa sina. Presha na macho nimepimwa, viko sawa. Nesi mmoja akaniambia inafanana na kipandauso, na kwa kuwa mama naye anacho na huu ugonjwa hutembea kwenye familia, hapo sina ubishi.

Kinachonisumbua ni muda kinapokuja. Nameza vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, pakti ina vidonge 21 vya homoni na 7 visivyo na dawa. Nimekua naandika kwenye daftari kila kikinishika, naona karibu kila mara kinakuja nikishaingia kwenye vile 7. Nilivyoelewa estrojeni ikishuka ghafla inaweza kukiamsha, ndo maana kuna wanawake kinawashika siku za hedhi hata kama hawamezi chochote.

Sasa siku hizi kuna kitu kipya. Kabla ya maumivu naona mstari wa zigizaga unametameta pembeni, unatanuka polepole, nikisoma herufi za katikati zinapotea, nikifumba jicho hili au lile bado upo, unakaa kama dakika 20 hivi ukiisha ndo kichwa kinaanza. Mkono haujawahi kufa ganzi wala ulimi kuwa mzito, ikitokea hivyo nakimbia hospitali siku hiyohiyo sisubiri mtu.

Hii zigizaga ndo inanitia hofu, maana nimesoma kwamba mwenye kipandauso kinachotanguliwa na dalili kama hizi hashauriwi kutumia vidonge vyenye estrojeni, uwezekano wa kiharusi unapanda, na kwa mvutaji sigara unapanda zaidi (mimi sivuti).

Shoga yangu anashauri niruke vile 7 nianze pakti mpya moja kwa moja ili homoni isishuke. Mi naona kwa kichwa peke yake inaweza kusaidia, ila estrojeni si bado naimeza? Dokta, nihamie vya projestini tupu, au kitanzi cha shaba kisicho na homoni kabisa? Na nikiacha hivi leo, hadi nipate miadi nitumie kinga gani maana mimba kwa sasa sitaki?